Dai la nyuzinyuzi kwenye pakiti: namna ya kulikagua dukani kwa namba nne

Duka letu liko Langoni, kisiwani Lamu, na rafu ya biskuti na nafaka za asubuhi iko karibu kabisa na mizani, kwa hivyo mteja anayesubiri kupimiwa sukari huwa na wakati wa kutosha kuichunguza. Haipiti wiki bila mtu kuchukua pakiti, kuniwekea mezani na kuniuliza, “Mwanangu, hii ina faiba kweli, au ni maneno ya pakiti tu?” Wengi wao wametoka hospitali na wameambiwa waongeze nyuzinyuzi kwa ajili ya sukari au choo kigumu. Miaka ya nyuma nilikuwa nikijibu kwamba ikiwa imeandikwa basi iko, na jibu hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu halikumsaidia mtu yeyote kuchagua. Mwongozo huu ni jibu ambalo ningepaswa kulitoa.

Pakiti nyingi zinazovuka kutoka Mokowe zimeandikwa kwa Kiingereza. Madai mawili tunayoyashughulikia hapa, kwa Kiswahili chake, ni “chanzo cha nyuzinyuzi” na “nyuzinyuzi kwa wingi”. Si maneno ya kusifia bidhaa tu. Kila moja lina kiwango cha chini ambacho chakula lazima kikifikie kabla mtengenezaji hajaruhusiwa kuliandika, na la pili linadai mara mbili ya la kwanza.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Pakiti yenyewe mkononi, si tangazo lake wala picha ya upande wa mbele peke yake.
- Simu yenye kikokotoo na kamera. Jedwali la lishe mara nyingi huchapishwa kwa herufi ndogo sana chini ya mkunjo wa pakiti, na njia nyepesi ya kulisoma ni kulipiga picha kisha kuikuza.
- Kikaratasi chenye namba nne, ambazo ni 3 na 6 kwa kila gramu 100 za chakula, kisha 1.5 na 3 kwa kila kilokalori 100.

Maana ya namba hizo ni hii. Chakula kinaweza kuitwa chanzo cha nyuzinyuzi kikiwa na angalau gramu 3 za nyuzinyuzi katika gramu 100, au angalau gramu 1.5 katika kilokalori 100. Kinaweza kudaiwa kuwa na nyuzinyuzi kwa wingi kikifikia gramu 6 katika gramu 100, au gramu 3 katika kilokalori 100. Namba hizi zimo katika mwongozo wa madai ya lishe na afya wa Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula ya FAO na WHO, na zimo vilevile katika sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1924 ya mwaka 2006. Kwa upande wetu, kiwango cha Afrika Mashariki kinachohusu madai ya aina hii ni EAS 805. Codex inaongeza njia ya tatu, inayohesabu asilimia 10 au 20 ya mahitaji ya siku katika kipimo kimoja cha kula, lakini inaiachia kila nchi iamue kipimo hicho na mahitaji hayo ni kiasi gani. Kwa kazi ya dukani, njia mbili za kwanza zinatosha.

Lishike neno “au” lililo katikati ya kila kiwango. Chakula kinachofaulu kwa njia moja hakilazimiki kufaulu kwa ya pili, na karibu kila utata nilioletewa kaunta ulianzia hapo.

Hatua ya 1. Soma dai neno kwa neno

Tafuta kwanza pakiti inadai nini hasa. “Chanzo cha nyuzinyuzi”, “ina nyuzinyuzi” na “yenye nyuzinyuzi” huhesabiwa kuwa kitu kimoja, yaani yote yanatakiwa yafikie gramu 3 au 1.5. “Kwa wingi” ndilo linalodai 6 au 3.

*Kosa la kawaida:* watu huchukua maneno “nafaka nzima” au rangi ya kahawia ya mkate kuwa ni dai la nyuzinyuzi. Si dai la nyuzinyuzi, wala kwa kanuni hizi hayana kiwango cha gramu nyuma yake. Mkate unaweza kupata rangi yake kwenye karameli. Ukikuta maneno ya namna hiyo peke yake, ruka moja kwa moja hadi kwenye jedwali la lishe.

Hatua ya 2. Geuza pakiti na utafute mstari wa nyuzinyuzi

Kwa kawaida mstari huo uko chini ya kabohaidreti na sukari. Hakikisha unaisoma safu ya gramu 100, kwani mara nyingi kuna safu mbili, na ile ya pili ni ya kipimo cha kula mara moja, kama vile biskuti mbili au bakuli moja.

Ikiwa kuna safu ya kipimo cha kula peke yake, usikwame. Chukua gramu za nyuzinyuzi, gawanya kwa uzito wa kipimo, kisha zidisha kwa 100. Biskuti mbili zenye uzito wa gramu 25 na nyuzinyuzi gramu 0.9 zinakupa 0.9 ÷ 25 × 100, ambayo ni gramu 3.6 katika gramu 100.

Hatua ya 3. Linganisha na 3 na 6

Tuendelee na biskuti hizo hizo. Tuseme jedwali lake, kwa kila gramu 100, linasomeka hivi: nishati kilokalori 469, mafuta gramu 18, kabohaidreti gramu 68, na ndani yake sukari gramu 22, nyuzinyuzi gramu 3.6, protini gramu 7. Mbele ya pakiti imeandikwa “chanzo cha nyuzinyuzi”.

3.6 imepita 3, basi dai ni halali. Haikufika 6, kwa hivyo mtengenezaji asingeweza kuandika “kwa wingi”. Kazi ya hatua hii imekwisha hapo. Ukitaka kujiridhisha, jaribu njia ya pili: 3.6 ÷ 469 × 100 inatoa karibu 0.8, ambayo iko mbali chini ya 1.5. Biskuti hizi zingeshindwa kama kanuni ingetaka njia zote mbili, lakini kanuni inasema “au”, na zimeingia kwa mlango wa gramu 100. Sababu yake ni kwamba biskuti ni kitu kikavu chenye mafuta na sukari. Gramu 100 za biskuti zimebeba nishati nyingi, na nyuzinyuzi zake zikigawanywa juu ya nishati hiyo zinaonekana chache.

Usisahau pia kwamba kiwango hiki hakiulizi chochote kuhusu sukari. Gramu 22 za sukari hazikulizuia dai, wala hazikutakiwa kulizuia. Mteja mwenye kisukari anapaswa kuisoma mistari yote miwili, wa nyuzinyuzi na wa sukari, kwa sababu dai la mbele linazungumzia mmoja tu.

Hatua ya 4. Ikishindwa kwa gramu 100, jaribu kwa kilokalori 100

Hatua hii ni ya vyakula vyenye maji mengi, kama vile maji ya matunda, supu za pakiti na mboga za mkebe. Kwenye chakula cha aina hiyo gramu 100 karibu zote ni maji, kwa hivyo kipimo cha gramu 100 hukionea, ilhali kipimo cha nishati hakiyahesabu maji.

Chukua mfano wa maji ya embe ya boksi, yenye nyama ya embe ndani, ambayo katika mililita 100 yana kilokalori 47, nyuzinyuzi gramu 0.9 na sukari gramu 11. Kwa njia ya kwanza 0.9 haijakaribia 3. Kwa njia ya pili, 0.9 ÷ 47 × 100 ni karibu 1.9, nayo imepita 1.5. Boksi hilo lina haki ya kujiita chanzo cha nyuzinyuzi, ingawa mtu akitazama ile 0.9 peke yake atadhani amedanganywa. Maji ya embe yaliyochujwa, yenye gramu 0.2 tu katika nishati hiyo hiyo, yangepata 0.4 na kushindwa.

*Kosa la kawaida:* kugawanya kwa kilojuli badala ya kilokalori. Mstari wa nishati mara nyingi huwa na namba mbili, moja imeandikwa kJ na nyingine kcal, na ile ya kJ ndiyo kubwa. Unahitaji ya kcal. Ikiwa kuna kJ peke yake, igawanye kwa 4.184. Biskuti zetu zenye kJ 1,970 zinarudi karibu kilokalori 471, tofauti ndogo isiyobadilisha hukumu.

*Tahadhari nyingine:* njia ya nishati inalegea pale kinywaji kinapokuwa hakina nishati. Kinywaji chenye kilokalori 5 katika mililita 100 na nyuzinyuzi gramu 0.3 kinapata 6 kwa kila kilokalori 100, yaani mara mbili ya kiwango cha “kwa wingi”, na chupa yake nzima ya nusu lita imebeba gramu 1.5 tu. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini kwa mtu aliyeambiwa aongeze nyuzinyuzi chupa hiyo haina msaada mkubwa. Kwa sababu hiyo hatua inayofuata hairukwi.

Hatua ya 5. Rudisha hesabu kwenye kile utakachokila

Hadi hapa umekagua kama mtengenezaji amesema kweli. Sasa jiulize utapata kiasi gani. Zidisha gramu za nyuzinyuzi katika gramu 100 kwa uzito utakaokula, kisha gawanya kwa 100. WHO, katika mwongozo wake wa 2023, inapendekeza mtu wa kuanzia miaka 10 apate angalau gramu 25 kwa siku za nyuzinyuzi zilizomo kwenye chakula kiasili. Mtoto wa miaka 6 hadi 9 anahitaji gramu 21, na wa miaka 2 hadi 5 gramu 15.

Biskuti mbili zilitupa gramu 0.9. Mtu angelazimika kula biskuti 56 ili afike 25, na sukari ingekuwa imemzidi mapema mno. Kunde zilizochemshwa, ambazo hapa tunazipima kutoka kwenye gunia lisilo na maandishi yoyote, zina karibu gramu 6.5 katika gramu 100 na kilokalori kama 116. Zinapita kiwango cha “kwa wingi” kwa njia zote mbili, na bakuli dogo la gramu 150 linampa mtu karibu gramu 10. Siku niliyompigia mama mmoja hesabu hii juu ya karatasi ya kufungia, alizirudisha biskuti rafuni, akaniambia, “Nipimie kilo ya kunde basi, na nazi mbili.”

Hatua ya 6. Soma orodha ya viungo ujue nyuzinyuzi zimetoka wapi

Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta pumba ya ngano, shayiri, unga wa ngano nzima au dengu karibu na mwanzo, nyuzinyuzi zimekuja na chakula chenyewe. Ukikuta unga mweupe na sukari mwanzoni, halafu huko mbele inulini, polideksitrosi au maltodekstrini sugu, basi zimeongezwa kiwandani. Codex inazikubali nyuzinyuzi zilizochujwa au kutengenezwa ikiwa faida yake mwilini imethibitishwa kisayansi, kwa hivyo kuongeza huko si udanganyifu. Ila zile gramu 25 za WHO zinazungumzia nyuzinyuzi za kiasili. Inulini pia hulichachusha tumbo la baadhi ya watu likajaa gesi, na atakayeanza kuitumia aanze kwa kiasi kidogo.

Unga wa uji na suala la maji

Hili nimelitenga kwa sababu linawatatiza hata wanaoijua hesabu. Tuseme unga wa uji wa pakiti una nyuzinyuzi gramu 6.4 na kilokalori 360 katika gramu 100 ukiwa mkavu. Kwa gramu 100 umepita 6, na utaona “nyuzinyuzi kwa wingi” mbele yake. Sasa upike: gramu 50 za unga kwenye nusu lita ya maji. Sufuria lina uji wa karibu gramu 550 na nyuzinyuzi gramu 3.2, sawa na gramu 0.6 tu katika gramu 100 za uji. Kwa nishati, 3.2 ndani ya kilokalori 180 inatoa karibu 1.8 kwa kila 100, iwe ni unga mkavu au uji uliopikwa, kwa kuwa maji hayana nishati. Uji huo, ukiwa tayari kunywewa, ni chanzo cha nyuzinyuzi lakini si wa “kwa wingi”.

Sheria ya Ulaya inataka dai lilenge chakula kikiwa tayari kuliwa kwa maelekezo ya mtengenezaji. Wewe dukani, ukilinganisha pakiti mbili za unga, linganisha kikavu kwa kikavu, au linganisha kwa kilokalori 100, ambayo haibadiliki kwa maji. Kamwe usilinganishe unga mkavu wa pakiti moja na uji uliopikwa wa pakiti nyingine, kwa sababu tofauti utakayoiona itakuwa ni ya maji.

Hesabu ikikataa

*Pakiti ina safu ya asilimia na haina gramu 100.* Huenda imetengenezwa kwa kanuni za Marekani, na zipo kadhaa zinazofika pwani. Huko mahitaji ya siku yamewekwa gramu 28, na dai huhesabiwa kwa kipimo rasmi cha kula. Chanzo kizuri ni asilimia 10 hadi 19, kwa hivyo huanzia gramu 2.8, na “kwa wingi” huanzia asilimia 20, ambayo ni gramu 5.6. Biskuti zetu zisingepita huko, kwani kipimo rasmi cha biskuti ni gramu 30, na katika gramu 30 zina nyuzinyuzi gramu 1.1 tu, yaani kama asilimia 4. Pakiti mbili zinaweza kuwa na maneno yanayofanana huku zimepimwa kwa njia tofauti, kwa hivyo zigeuze zote kwa gramu 100 kabla ya kuzilinganisha.

*Kabohaidreti hazilingani kati ya pakiti mbili za kitu kimoja.* Kwenye jedwali la Kimarekani nyuzinyuzi zimo ndani ya kabohaidreti. Kwenye la Ulaya ziko nje yake. Anayehesabu wanga kwa ajili ya dawa ya kisukari asitoe nyuzinyuzi mara ya pili kwenye pakiti ya Ulaya.

*Pakiti imeandika nyuzinyuzi ghafi.* Utaliona hili kwenye baadhi ya unga. Hicho ni kipimo cha zamani, ambacho sampuli huchemshwa kwa asidi kisha kwa alkali, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hupotea humo humo. Namba yake huwa ndogo kuliko nyuzinyuzi za lishe za chakula kile kile, kwa hivyo usiilinganishe na 3 wala 6. Unga wenye 1.5 ghafi unaweza kuwa na nyingi zaidi kuliko unavyodhani.

*Jedwali linasema 2.8 na mbele pameandikwa “chanzo”.* Jaribu njia ya kilokalori kabla ya kumlaumu mtu. Ikishindikana kwa njia zote mbili na pakiti si ya Kimarekani, dai halina msingi.

*Dai lipo, namba haipo.* Hiki ni kasoro hata bila hesabu yoyote. Mwongozo wa Codex kuhusu jedwali la lishe unataka kiasi cha nyuzinyuzi kiandikwe kila panapokuwa na dai juu yake. Mimi niliwahi kuletewa katoni nzima ya namna hiyo, nikairudisha. Ukiikuta, unaweza kuipeleka taarifa kwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Kabla hujairudisha pakiti rafuni, piga picha ya mbele, ya jedwali, na ya ule ukingo uliochapwa namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu bila namba ya toleo hakuna atakayeweza kujua ni mzigo upi wa kufuatiliwa.